Sanduku la Maswali la Bi Desimali

Wanafunzi walimwita Bi Desimali, naye alijua. Alikuwa amefundisha hisabati miaka ishirini na tisa, na mtoto aliyeweka nukta mahali pasipo pake alirudishiwa daftari bila alama hata moja, hata kama njia yote ilikuwa sahihi. Hakuwahi kumpiga mtu. Hakuwa na haja. Akipita tu kwenye ujia, madarasa ya pande zote mbili yalikuwa kimya kama maji mtungini.

Kwa hiyo siku mwalimu mkuu alipomwita ofisini na kumwambia kwamba yeye ndiye atakayeshika kipindi cha makuzi cha darasa la sita, alidhani amesikia vibaya.

"Kipindi cha nini?"

"Makuzi. Mambo ya balehe. Mwalimu wa ushauri amebakiza wiki chache ajifungue, na daktari amemkataza kusimama muda mrefu. Wazazi tumeshakaa nao, wameridhia. Watoto wameshaambiwa ni kila Jumatano. Siwezi kuwaambia sasa basi."

"Mkuu, mimi ni mtu wa sehemu na asilimia."

"Na sayansi umewahi kufundisha. Tena watoto wanakuamini."

"Wananiogopa."

Mwalimu mkuu alifunga faili lililokuwa mbele yake. "Basi anzia hapo hapo."

Mwalimu wa ushauri alimkabidhi kazi katika chumba cha walimu, miguu imevimba, ameinyoosha juu ya kiti cha pili. Alikuwa binti wa umri wa mtoto wake wa kwanza. Alimsukumia sanduku la mbao lenye mwanya juu na kufuli ndogo pembeni.

"Mama, sheria zake ni chache, ila usivunje hata moja," alisema. "Kila mtoto apewe karatasi ya ukubwa ule ule na penseli ya aina ile ile. Kila mtoto aandike. Asiye na swali aandike jina la tunda analolipenda, ilimradi penseli zote zitembee, asijulikane nani ameuliza na nani hakuuliza. Waandike kwa herufi kubwa tupu, wakunje mara mbili. Usifungue mbele yao. Nenda kasome peke yako, upange, utafute majibu, uje kujibu Jumatano inayofuata. Swali likiwa na kitu cha kumtambulisha mtu, libadilishe maneno."

"Na kama mtoto ameandika kwamba kuna mtu anamdhuru?"

"Hilo huliweki moyoni. Unalipeleka kwa mkuu siku hiyo hiyo. Na watoto waambie mapema kabla hawajaandika, wasije wakaona umewasaliti."

Bi Desimali aliandika yote katika daftari lake, kwa namba.

"Na michezo," mwenzake akaongeza, "usiiruke."

"Michezo ya nini tena? Hawa ni watoto wa miaka kumi na moja, kumi na miwili. Muda wenyewe dakika arobaini."

Yule binti alimtazama kidogo, kisha akajipangusa jasho. "Haya, mama. Jaribu."

Akajaribu. Jumatano ya kwanza alisimama ubaoni akachora mwili wa msichana na wa mvulana kwa mistari safi kama ya jiometri, akaeleza homoni ni nini, akaeleza hedhi, kubadilika kwa sauti, nywele za makwapani, chunusi. Darasa zima lilitazama madawati. Mvulana mmoja wa mbele alishika kifutio chake muda wote kana kwamba kingetoroka. Alipogawa karatasi, wote arobaini na wawili waliandika kwa utii, wakakunja mara mbili, wakatumbukiza.

Alasiri hiyo alifungua sanduku. Embe. Chungwa. Embe. Ndizi. Embe. Matunda arobaini na mawili, na moja kati yake lilikuwa na maelezo: TIKITI MAJI, SHIKAMOO MWALIMU.

Alipompigia simu binti yake usiku kumsimulia, alidhani atapata wa kumliwaza. Binti yake alikuwa fundi wa maabara katika mji mwingine, mtu mzima mwenye watoto wawili. Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama, mimi uliniwekea kitabu kitandani ukatoka chumbani. Halafu ukarudi kuchukua miwani yako uliyoisahau, ukatembea kinyumenyume usinitazame. Sasa wewe ndiye umepewa darasa?"

"Nilikuwa na haya."

"Najua. Na mimi nilikuona, nikajua ni jambo la haya. Nilikaa miaka mitatu na swali moja."

"Swali gani?"

"Limeshapitwa na wakati, mama," alisema binti yake, na sauti yake ilikuwa ya upole. "Cheza nao hiyo michezo."

Jumatano ya pili alisukuma madawati ukutani. Hilo peke yake liliwatia watoto wasiwasi. Akawapanga safu mbili zinazotazamana, akachukua mpira aliousuka kwa vitambaa, akasema kwa sauti ile ile ya kutangaza mtihani: "Leo tunasoma taarifa ya habari. Atakayerushiwa mpira atataja neno moja kutoka kwenye orodha ubaoni, kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Atakayecheka anahamia safu ya pili. Kuhamia si kosa. Asiyetaka kusema anasema 'napita', na hakuna wa kumuuliza kwa nini. Tunaruhusiwa kulicheka neno. Haturuhusiwi kumcheka mtu. Naanza mimi."

Akarekebisha miwani. Akakohoa kidogo. "Habari za asubuhi, wasikilizaji. Zifuatazo ni habari kwa ufupi. Makwapa."

Kwa muda darasa halikujua lifanye nini. Halafu msichana mmoja wa nyuma alitoa sauti kama puto linalopungua upepo, na kicheko kikaanguka kama paa. Mpira ukaruka. Mtu akatangaza chunusi kwa huzuni, kana kwamba ametangaza msiba. Mwingine akaieleza hedhi kama matokeo ya mechi. Mvulana aliyekuwa akishika kifutio alipata neno "matiti", akajikaza, mashavu yakamjaa, akalisema kwa sauti nzito ya kizee, na sauti yenyewe ikamkatika katikati ikapanda juu kama filimbi. Hata yeye mwenyewe alijikunja kwa kicheko. Safu ya kwanza ikaisha yote. Na Bi Desimali, aliyejua kwamba mwalimu lazima abaki wa mwisho, aliona machozi yakimtoka na akavuka sakafu mwenyewe kwenda safu ya pili. Watoto walikuwa hawajawahi kuyaona meno yake.

Baada ya hapo maneno yalikuwa maneno tu. Wakacheza mchezo mwingine, wa Kweli au Si Kweli: yeye anasema jambo, wao wanakimbilia mlangoni kama ni kweli, dirishani kama si kweli. "Hedhi ni ugonjwa." Wakagawanyika nusu kwa nusu, wakatazamana kwa mshangao. "Wavulana wote huanza kubadilika katika umri mmoja." Wengi wakakimbilia mlangoni. Aliwasahihisha taratibu, bila kumuuliza yeyote habari zake mwenyewe, maana hiyo nayo ilikuwa sheria. Kisha akagawa karatasi na penseli, na penseli arobaini na mbili zikatembea. Safari hii zilitembea muda mrefu.

Kengele ya kutoka ilipolia na chumba cha walimu kikabaki kitupu, alifungua kufuli, akamimina karatasi mezani.

Alizoea kusoma kazi za watoto. Maelfu ya madaftari yalipita mikononi mwake, akidhani anawajua watoto ndani na nje. Lakini alipofika karatasi ya kumi aliweka kalamu chini, kwa sababu hapakuwa na cha kusahihisha.

KWA NINI NAMCHUKIA KAKA YANGU ASUBUHI NA JIONI SIMCHUKII? Nyingine: PEDI INABADILISHWA BAADA YA MUDA GANI, NYUMBANI NI BABA TU NA MIMI. Nyingine: MVULANA AKILIA BAADA YA KUBALEHE ANARUDI NYUMA? Nyingine: RAFIKI YANGU AMEANZA MIMI BADO, JE NIMESAHAULIWA? Nyingine, kwa herufi ndogo ndogo ingawa alisema kubwa: *nanuka hata nikioga, naomba usitaje.* Matunda yalibaki sita tu.

Alikaa na zile karatasi kama mtu aliyefungua mlango wa stoo akakuta bahari. Hawa ndio watoto aliowauliza kila siku "Kuna swali?" wakamjibu "Hakuna, mwalimu." Wote hawa. Na kila mmoja alikuwa amebeba chake, akaja nacho shuleni, akakaa nacho dawatini, akafanya nacho hesabu za sehemu, akarudi nacho.

Karatasi ya thelathini na saba ilikunjwa mara nne badala ya mbili.

CHUCHU YANGU MOJA IMEVIMBA, NDANI KUNA KITU KIGUMU, NIKIGUSA INAUMA. MAMA ALIKUFA KWA SARATANI YA TITI. MIMI NITAKUFA LINI? NATAKA KUJUA NIJIANDAE.

Alisoma. Akasimama. Akakaa tena.

Akili yake ilikimbia moja kwa moja kwa wasichana. Aliwapitia kichwani, dawati kwa dawati. Waliofiwa na mama walikuwa wawili, na mmoja wao alikuwa amekonda tangu muhula uliopita. Chini ya meza yake kulikuwa na madaftari ya darasa zima. Herufi kubwa hazikumficha mtu kabisa. Aliijua miandiko yao kama anavyoijua mikono ya wanawe. Dakika tano tu zingetosha. Mkono ulishafika kwenye daftari la juu alipokumbuka alichowaambia darasani mchana ule ule, kwa mdomo wake: sitatafuta ni nani. Akaurudisha mkono. Akayafungia madaftari kabatini, kisha akachukua mkoba na kutembea mpaka nyumbani kwa mwalimu wa ushauri, mitaa miwili kutoka shuleni.

Yule binti alikuwa sebuleni, amelala ubavu, akikunja nguo ndogo za mtoto. Alisoma karatasi, akairudisha mezani.

"Nani alikufa na mama yake hajui mtu," alisema Bi Desimali, na maneno yenyewe yalimtoka ovyo. "Namaanisha, huyu msichana hana wa kumuuliza. Wapo wawili darasani. Nifanyeje, nimwite kila mmoja pembeni?"

"Mama," alisema mwenzake, "umejuaje kuwa ni msichana?"

Bi Desimali aliichukua tena karatasi. Aliisoma neno kwa neno, kama anavyowafundisha watoto kusoma swali la mafumbo la hesabu: tafuta ulichopewa, usiongeze ambacho hukupewa. Chuchu moja. Kitu kigumu. Inauma. Hakuna mahali palipoandikwa msichana.

"Wavulana pia?"

"Wengi. Karibu nusu yao, wakati wa balehe. Kinakuja kiuvimbe chini ya chuchu, upande mmoja au zote mbili, kinauma kidogo, kinakaa miezi, mwaka, pengine miwili, halafu kinapotea chenyewe. Ni homoni tu. Wasichana nao titi linaanza hivyo hivyo, mara nyingi upande mmoja unatangulia. Sasa fikiria mvulana ambaye hakuna aliyemwambia."

Bi Desimali alifikiria. Kisha akaanza kusema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mumewe. Alipokuwa na miaka kumi na mbili alikuta damu katika choo cha shule, akaamini kitu ndani yake kimepasuka. Hakuwa na wa kumwambia. Alingoja kufa siku tatu. Siku ya pili aligawa vitu vyake: penseli alimpa mdogo wake, kitambaa chake cha kichwa alimpa shangazi, na shangazi akamsifu kwa moyo wa kutoa.

"Siku ya nne damu ikakoma," alisema. "Nikaona haya kudai penseli zangu."

Yule binti alicheka, kisha akafunika macho kwa kinguo cha mtoto alichokuwa akikikunja.

"Huyu hawezi kungoja Jumatano ijayo," alisema Bi Desimali akinyanyuka. "Ameandika 'lini'. Mtu akiuliza 'lini', huwezi kumwambia wiki ijayo."

Asubuhi alipitia zahanati kabla ya kengele. Muuguzi, mwanamke mnene mwenye sauti ya taratibu, alisikiliza jibu alilolitayarisha, akasahihisha sehemu mbili, akasema mlango wake uko wazi kwa mtoto yeyote, saa za mapumziko, aje na mkubwa anayemwamini au aje na mwenzake. Kutoka hapo akaenda kwa mwalimu mkuu kuomba kipindi cha kwanza.

"Kipindi cha kwanza ni chako mwenyewe, cha hisabati," alisema mwalimu mkuu. "Tangu lini unaomba ruhusa ya kuacha hisabati?"

"Tangu leo."

Darasa la sita lilipomwona na sanduku siku ya Alhamisi, lilijua kuna jambo. Hakuwapa mpira. Aliwaambia wakae wanavyotaka, wengine wakakaa sakafuni. Alijibu maswali mawili mepesi kwanza, la hasira za asubuhi na la kubadilisha pedi, ili lile lisikae peke yake mbele. Kisha akashika karatasi ambayo aliiandika upya kwa mkono wake.

"Kuna anayeuliza kuhusu uvimbe mgumu chini ya chuchu, unaouma," alisema. "Anaogopa kuwa ni saratani. Nisikilizeni vizuri, wasichana na wavulana, maana jibu ni lenu wote."

Macho yake aliyaweka kwenye saa ya ukutani nyuma ya darasa. Alikuwa ameamua tangu usiku kwamba hatamtazama mtoto yeyote usoni, maana mtoto angedhani ametambuliwa. Akaeleza. Kwamba kwa msichana ndivyo titi linavyoanza, na moja huweza kutangulia jingine kwa miezi. Kwamba kwa mvulana homoni huchanganyika kwanza kabla hazijatulia, na wavulana wengi, karibu nusu, hupata uvimbe kama huo, na kwa kawaida hupotea wenyewe. Hawageuki wasichana. Hawafi. Kwamba saratani ya titi kwa watoto wa umri wao ni kitu ambacho madaktari wengi huzeeka bila kukiona. Kwamba hata kama mtu katika familia aliugua, kiuvimbe cha balehe si ugonjwa ule kuja kumchukua mtoto.

"Na mtu ambaye uvimbe wake unakua haraka, au unatoa majimaji, au anabaki na wasiwasi tu, aende kwa muuguzi. Kwenda si lazima uwe mgonjwa. Unaweza kwenda ili upate usingizi."

Saa iligonga. Ndipo akasikia.

Hakuona, alisikia tu: mahali fulani upande wa dirisha mtu alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya chini, kama ya mtu aliyetua mzigo uliomchubua bega. Na kabla haijaisha, nyingine ilishuka upande wa mlango. Kisha ya tatu, karibu kabisa na miguu yake. Mtoto mmoja ndiye aliyeandika. Hakujua ni wangapi waliokuwa wakingoja jibu lile lile.

Hakuwatazama. Aliendelea kuitazama saa mpaka mishale yake ikamchanganya, yeye aliyefundisha watoto elfu mbili kusoma saa.

Mwezi ule muuguzi alimkuta barabarani, akamwambia, "Wamekuja," basi, hakuongeza neno, na yeye hakuuliza. Na Jumatano iliyofuata sanduku lilikuwa na karatasi moja isiyokuwa swali wala tunda. Ilikunjwa mara nne. Iliandikwa: NIMELALA. Aliishika mpaka karatasi ikapata joto la kiganja, kisha akaichana vipande vidogo kama walivyokubaliana kuchana karatasi zote, ingawa hiyo ilimwuma.

Mwalimu wa ushauri alijifungua salama, mtoto wa kike, akarudi kazini baada ya miezi michache akitarajia kurudishiwa sanduku lake. Bi Desimali alimwambia wagawane: yeye achukue darasa la tano, la sita limwachie. Madaftari ya hisabati aliendelea kuyasahihisha vile vile, nukta mahali pake au alama hakuna, na watoto waliendelea kumwita jina lile lile. Lakini alipopita kwenye ujia hawakunyamaza tena. Walimwamkia, na mara nyingine mmoja alitangaza kwa sauti ya redio, "Zifuatazo ni habari kwa ufupi," naye akapita bila kugeuka, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Mwaka wake wa mwisho kabla ya kustaafu, alasiri moja ya mvua, alikaa tena na mwenzake mezani wakipanga karatasi mafungu mafungu: za hedhi huku, za sauti huku, za urafiki huku. Akafungua moja, akaisoma, akaisoma tena, akaivua miwani na kuifuta.

"Hii niiweke wapi?" aliuliza.

Mwenzake aliipokea. SAUTI YANGU MPYA NIMEIPATA. ILE YA ZAMANI IMEKWENDA WAPI?

Walikaa wote wawili wakiitazama. Nje mvua ilipiga mabati. Bi Desimali akaiweka peke yake katikati ya meza, nje ya mafungu yote.